Kipele chenye kishimo usoni: Ni tezi ya mafuta, siringoma au saratani ya ngozi?

Una kipele kidogo usoni. Hakiumi, hakiwashi, na kimekaa miezi kadhaa bila kuiva kama chunusi. Ukikiangalia vizuri kwenye kioo unaona kina kishimo katikati.

Mara nyingi kipele cha aina hiyo ni tezi ya mafuta iliyokua, na hakina madhara yoyote. Lakini saratani ya ngozi inayoanza inaweza kufanana nacho sana, kishimo na vyote. Tofauti ipo, na sehemu kubwa unaweza kuiona mwenyewe ukijua pa kuangalia.

Tezi ya mafuta iliyokua

Jina la kitaalamu ni haipaplasia ya tezi za mafuta. Uso una tezi nyingi zinazotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Kadiri umri unavyoenda, seli ndani ya tezi hizo zinachelewa kukomaa na kutoka. Zinarundikana, tezi inatanuka na kusukuma ngozi juu.

Matokeo yake ni kipele laini cha milimita 2 hadi 4, chenye rangi ya njano kwa mbali au rangi ya ngozi yenyewe. Unjano unatokana na mafuta yaliyomo ndani. Kile kishimo cha katikati ni mdomo wa tezi, yaani tundu la kawaida ambalo mafuta hutokea. Tezi imevimba kulizunguka pande zote, ndiyo maana kipele kinaonekana kama andazi dogo lililobonyezwa katikati.

Vipele hivi hupenda paji la uso, mashavu na pua, na huonekana zaidi kwa watu waliovuka miaka 40. Kawaida haviji kimoja. Vinakuwa vitatu, vitano au kumi, vyote vinafanana. Vikishafikia ukubwa wake vinatulia hapo, hata kwa miaka.

Waliopandikizwa figo na kutumia dawa ya saiklosporini wanaweza kuvipata mapema zaidi. Kundi hili lina tahadhari yake: dawa za kushusha kinga ya mwili zinaongeza pia hatari ya saratani ya ngozi, kwa hiyo kipele kipya kwao kionwe na daktari.

Siringoma: vipele vya chini ya macho

Siringoma inatokana na mirija ya tezi za jasho, siyo za mafuta. Ni vipele vigumu kidogo, vya milimita 1 hadi 3, vyenye rangi ya ngozi au njano hafifu. Havina kishimo katikati.

Mahali vinapokaa ndipo panapovitambulisha: kope za chini na juu ya mashavu, macho yote mawili kwa pamoja. Vinawapata zaidi wanawake, na huanza kuonekana kuanzia ujana. Kwenye baadhi ya familia mama anavyo na binti anavyo. Watu wenye Down sindromu nao huvipata zaidi kuliko wengine.

Siringoma haigeuki kuwa saratani. Ukiona vipele vya namna hii vimepangana sawasawa chini ya macho yote, na vimekaa hivyo kwa miaka, suala linalobaki ni la muonekano tu.

Saratani inapojificha kwenye kipele

Saratani inayochanganywa zaidi na vipele hivi ni ile ya seli za basali, seli zilizo chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Inakua taratibu, kwa miezi na miaka, na ni nadra sana kusambaa kwenda viungo vingine. Tatizo lake ni kwamba inakula palepale ilipo. Ikiachwa kando ya pua au jicho, inaweza kuharibu gegedu, kope na hata mfupa.

Mwanzoni ni kinundu kidogo kinachong'aa kama lulu, chenye vijishipa vyembamba vya damu juu yake. Baadaye katikati panadidimia na kuwa na kigaga. Hapo ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu sasa nacho kina kishimo.

Ila vishimo hivi viwili havina chanzo kimoja. Cha tezi ya mafuta ni tundu la asili: kidogo, kisafi, kikavu, na kingo zake zinalingana. Cha saratani kinatokea kwa sababu nyama ya katikati inakufa na kumomonyoka. Kwa hiyo kinakuwa na kigaga, kinatoa majimaji au damu, na kingo zake zimeinuka bila kulingana.

Dalili inayobeba uzito zaidi ni mzunguko huu: kinatoka damu kwa kuguswa kidogo tu, labda kwa taulo au wembe, kinakauka, kigaga kinadondoka, unadhani kimepona, halafu kinatoka damu tena. Kidonda cha kawaida usoni hupona ndani ya wiki mbili au tatu. Kisichopona ndani ya wiki nne kinahitaji daktari.

Ngozi nyeusi na watu wenye ualbino

Saratani hii ni adimu kwenye ngozi nyeusi, lakini ipo. Ikitokea, mng'ao wa lulu hauonekani kirahisi, na mara nyingi kinundu kinakuwa cheusi au kahawia iliyokoza. Watu wanakichukulia kama sunzua au alama ya kuzaliwa. Kama ni kipya, kinang'aa, kinaongezeka au kinavuja damu, rangi nyeusi isikupe amani.

Kwa watu wenye ualbino hali ni tofauti kabisa. Ngozi yao haina kinga ya melanini dhidi ya jua, hivyo saratani za ngozi zinaweza kuanza wakiwa bado vijana. Kwao, aina nyingine inayoitwa saratani ya seli za skwamasi ndiyo inayoongoza Afrika, na hiyo inaweza kusambaa mwilini. Kinundu kisichopona kwa mtu mwenye ualbino siyo cha kusubiria wiki nne.

Mfano: vipele tisa, kimoja tofauti

Tuchukue mfano wa kutunga. Fundi ujenzi mwenye ualbino, umri miaka 46, ana vipele vinane vya njano kwenye paji la uso. Anavyo kwa miaka mingi na ameshavizoea. Miezi saba iliyopita kimetokea cha tisa, kando ya pua.

Duka la dawa wamempa krimu ya chunusi. Kipele kimekauka, kikarudi. Rafiki anamshauri akakichome saluni kwa sababu "ni kama vile vya juu tu".

Anaenda kwa daktari wa ngozi. Daktari anavipima vipele vya paji: milimita 3, laini, kila kimoja na tundu safi katikati. Anaviangalia kwa dematoskopu, kioo cha kukuza chenye taa. Vijishipa vya damu vinazunguka pembeni kama taji na kuishia kabla ya kufika katikati.

Kile cha pua kina milimita 6. Upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, na katikati kuna kigaga. Kwenye dematoskopu vijishipa vina matawi kama ya mti, na vinakatiza juu ya kinundu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Daktari anashuku saratani, lakini kwa macho hawezi kusema kwa uhakika ni ya basali au ya skwamasi.

Kinachofuata ni baiopsi. Anachoma sindano ya ganzi, anachukua kinyama cha milimita 3, anakiweka kwenye kichupa cha fomalini na kukipeleka maabara ya patholojia. Kazi yote haichukui nusu saa. Majibu yanasema seli za basali.

Kinundu kinakatwa pamoja na milimita chache za ngozi nzima inayokizunguka, na kipande chote kinarudi maabara kuhakikisha kingo hazina seli za saratani. Vipele vinane vya paji la uso vinaachwa vilivyo. Fundi anabaki na kovu dogo na tarehe za kurudi kliniki, kwa sababu aliyepata saratani hii mara moja anaweza kupata nyingine.

Kilichomwokoa ni kutokubali kwamba cha tisa ni sawa na vinane vya kwanza.

Kwa nini kuchoma bila kupima ni hatari

Tezi ya mafuta na siringoma zinaweza kuondolewa kwa umeme au leza kwa ajili ya muonekano. Zinaweza kurudi, na kwenye ngozi nyeusi zinaweza kuacha doa jeusi, doa jeupe au kovu, kwa hiyo wengi wanashauriwa kuziacha.

Ishu kubwa ni pale kinachochomwa kinapokuwa saratani. Moto unaondoa sehemu ya juu, ngozi inafunga, na seli za saratani zinabaki chini zikiendelea kutanuka. Na kwa kuwa kinyama kimeungua, hakuna kilichobaki cha kupeleka maabara. Kabla ya kukubali kuchomwa, uliza swali moja: kipele hiki kimetambuliwa na nani?

Krimu za mkorogo nazo zinachafua picha. Zenye steroidi zinapunguza unene wa ngozi na kufanya vijishipa vya damu vionekane uso mzima, kiasi kwamba hata daktari anapata kazi ya kutofautisha. Ukienda kliniki, mwambie unachopaka.

Jinsi ya kukagua kwa simu yako

Simama karibu na dirisha mchana. Piga picha ya kipele kwa karibu, ukiweka rula pembeni ili ukubwa uonekane. Usitumie filta. Rudia baada ya wiki nne, mahali palepale na mwanga uleule, kisha linganisha.

Jiulize mambo manne. Kipo kimoja, au viko vingi vinavyofanana? Kishimo ni kisafi, au kina kigaga? Kimewahi kutoka damu bila kukitumbua? Kimeongezeka?

Vingi, visafi, vikavu na visivyobadilika: hiyo ni picha ya tezi za mafuta, au siringoma kama viko chini ya macho. Kimoja, chenye kigaga au damu, kinachokua: nenda hospitali, na kama tayari kinatoka damu usisubiri picha ya pili. Picha haithibitishi saratani wala haiiondoi, lakini itamwonyesha daktari mabadiliko ambayo asingeyaona kwa siku moja.

Kama wilayani kwako hakuna daktari wa ngozi, anzia hospitali ya wilaya na uombe rufaa. Kwa Tanzania, hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi.