Udhibiti wa Kasi na Udhibiti wa Uthabiti: Jinsi Halijoto Inavyoamua Zao la Mmenyuko

Udhibiti wa kinetiki na udhibiti wa thamodinamiki ni istilahi za kemia zinazojibu swali moja: mmenyuko unapoweza kutoa mazao mawili tofauti, ni lipi litakalokuwa jingi, na kwa nini? Zao likiwa jingi kwa sababu linaundwa haraka kuliko mwenzake, mmenyuko uko chini ya udhibiti wa kinetiki. Likiwa jingi kwa sababu ndilo lenye nishati ndogo na hivyo thabiti zaidi, mmenyuko uko chini ya udhibiti wa thamodinamiki. Kwa Kiswahili chepesi, wa kwanza unaweza kuitwa udhibiti wa kasi na wa pili udhibiti wa uthabiti. Majina haya yana faida ya kutaja papo hapo kinachoshindaniwa, na ndiyo yatakayotumika katika makala haya.

Mfano unaoonyesha tofauti hii waziwazi ni kuongeza hidrojeni bromidi, HBr, kwenye 1,3-butadieni, mmenyuko ambao Morris Kharasch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliuchunguza katika miaka ya 1930. Butadieni ni gesi yenye kaboni nne, na umbo lake ni CH2=CH–CH=CH2. Dieni ni molekuli yenye bondi pacha mbili. Katika butadieni bondi pacha hizo zinapishana na bondi moja ya kawaida, hivyo elektroni zake haziwi za jozi mbili zilizojitenga bali husambaa katika kaboni zote nne. Upishanaji huo ndio chanzo cha mazao mawili.

Mmenyuko huenda kwa hatua mbili. Kwanza, protoni ya HBr hujiunga na kaboni ya mwisho, yaani kaboni namba 1. Hapo hubaki ioni yenye chaji chanya, lakini chaji hiyo haikai mahali pamoja:

CH3–CH(+)–CH=CH2 ↔ CH3–CH=CH–CH2(+)

Hizi si ioni mbili zinazobadilishana nafasi. Ni michoro miwili ya ioni moja, ambayo chaji yake imegawanyika kati ya kaboni namba 2 na kaboni namba 4. Katika hatua ya pili, ioni ya bromidi hujishika kwenye mojawapo ya kaboni hizo. Ikijishika kwenye namba 2, hupatikana 3-bromo-1-buteni, CH3–CHBr–CH=CH2, ambayo huitwa zao la 1,2. Ikijishika kwenye namba 4, hupatikana 1-bromo-2-buteni, CH3–CH=CH–CH2Br, yaani zao la 1,4. Njia zote mbili huanzia kwenye ioni ileile, kwa hiyo ushindani wote uko katika hatua hii ya pili.

Mmenyuko ukifanyika katika nyuzi -80 za Selisiasi, mchanganyiko unaopatikana huwa na takriban asilimia 80 ya zao la 1,2 na asilimia 20 ya zao la 1,4. Ukifanyika katika nyuzi 40, hesabu hugeuka: zao la 1,4 ndilo linalofika kama asilimia 80. Jambo lenye uzito zaidi ni la tatu. Mchanganyiko uliotengenezwa kwenye baridi ukipashwa moto hadi nyuzi 40 huku bado kuna HBr ndani yake, taratibu hufikia uwiano uleule wa asilimia 20 kwa 80. Maana yake ni kwamba molekuli za zao la 1,2 hazikubaki zilivyo. Nyingi zilivunjika na kuundwa upya kuwa zao la 1,4.

Zao la 1,4 ni thabiti zaidi kwa sababu bondi yake pacha iko katikati ya mnyororo, ikiwa na kundi la kaboni kila upande, ilhali ile ya zao la 1,2 iko pembeni. Kwa nini basi zao la 1,2 huundwa haraka zaidi? Maelezo ya siku nyingi ni kwamba kaboni namba 2 hubeba sehemu kubwa zaidi ya chaji chanya, kwa kuwa inapakana na kaboni mbili. Maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 1979 Nordlander, Owuor na Haky walitumia 1,3-pentadieni na deuteri kloridi, DCl, ambapo kaboni mbili zenye chaji karibu zinalingana kabisa. Hata hapo zao la 1,2 lilikuwa jingi zaidi. Sababu inayobaki ni ukaribu: mara tu protoni inapotolewa, ioni hasi iliyoachwa huwa jirani na kaboni namba 2, na huishika kabla haijapata nafasi ya kufika upande wa pili.

Halijoto inaingiaje? Ni rahisi kudhani kwamba baridi hulipendelea zao la 1,2 na joto hulipendelea zao la 1,4. Sivyo. Katika nyuzi 40, ambako mazao yako katika msawazo, uwiano wa nne kwa moja huonyesha tofauti ya nishati ya takriban kilojuli 3.6 tu kwa kila moli. Tofauti hiyo ikichukuliwa kuwa haibadiliki, msawazo wa nyuzi -80 ungekuwa na zaidi ya asilimia 90 ya zao la 1,4. Kwa hiyo kwenye baridi zao thabiti lingeshinda hata zaidi, kama msawazo ungefikiwa. Haufikiwi, kwa sababu ili bromini iachane na kaboni na ioni irudi, molekuli inahitaji nishati kubwa ya kuvuka kilima kile ilichoteremka, na katika baridi hiyo karibu hakuna molekuli yenye nishati hiyo. Kila bromidi hubaki pale iliponasa kwanza. Katika nyuzi 40 nishati inatosha, bondi hufunguka na kufungwa mara nyingi, na uthabiti huamua. Kinachoamua hasa ni kama mmenyuko unaweza kurudi nyuma. Halijoto ndiyo inayofungua au kufunga njia ya kurudi.

Muda nao una sehemu yake, kwa kuwa hata katika halijoto ya kati uwiano huendelea kusogea. Njia ya kutambua udhibiti uliopo ni kuchota sampuli kwa vipindi na kuzipima kwa kromatografia ya gesi. Uwiano ukibadilika kadiri muda unavyokwenda, sampuli ya mwanzo ilikuwa chini ya udhibiti wa kasi. Ukitulia, na ukawa uleule hata anayeanza na zao moja safi akiufikia, huo ni msawazo. Kosa la kawaida ni kutenganisha mchanganyiko wa baridi kwa kuukeneka kwenye moto mkali: ukenekaji wenyewe hugeuza zao la 1,2, na kipimo kinachopatikana si cha mmenyuko uliokusudiwa. Peroksidi pia huharibu jaribio, kwa kuwa huingiza njia nyingine kabisa, ya radikali.

Zao la 1,2 halishindani na la 1,4 kila mahali. Katika 1-fenili-1,3-butadieni, bromidi ikijishika kwenye kaboni iliyo jirani na ile iliyopokea protoni, bondi pacha hubaki ikipishana na pete ya benzeni. Zao hilo ndilo la haraka na ndilo thabiti pia, na kupandisha halijoto hakuligeuzi.