Ufikaji Damuni: Istilahi na Gilasi ya Maziwa ya Manjano

Wahindi wana kinywaji chao cha jadi wakiitacho haldi dudh, yaani maziwa yaliyochemshwa pamoja na manjano, ambacho aghalabu hupewa mwenye kikohozi au mafua, na ambacho siku hizi huuzwa katika mikahawa ya Ulaya na Marekani kwa jina la fahari la maziwa ya dhahabu, kikisifiwa kuwa hutuliza uvimbe wa viungo na maradhi mengine mengi. Ili kuzipima sifa hizo hatuna budi kuielewa istilahi moja ya wafamasia, itajayo ile sehemu ya dawa iliyomezwa ambayo hufika katika mzunguko wa damu ikingali nzima. Mfasiri wa neno kwa neno ataiita upatikanaji wa kibiolojia, na msomaji atadhani ni habari ya dawa kupatikana dukani. Mwingine ataiita ufyonzwaji, ilhali kufyonzwa ni hatua ya kwanza tu, kwani kitu chaweza kupenya ukuta wa utumbo kisha kikabadilishwa kabla ya kuvuka ini. Mimi naona ufikaji damuni ni afadhali, madhali lataja mwisho wa safari.

Safari yenyewe ni ngumu kwa kurkumini, ile rangi ya manjano ambayo ndiyo inayosifiwa. Haiyeyuki vizuri katika maji, bali katika mafuta. Ndiyo sababu maziwa yenye malai yakafaa zaidi. Walakini hata ile kidogo ipenyayo hukutana, katika ukuta wa utumbo na katika ini, na vimeng'enya viiunganishavyo na asidi ya glukuroni, ikageuka kitu kingine cha kutolewa mwilini. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore waliwapa watu wenye afya gramu 2 za kurkumini safi, wakaona katika damu yao kiasi kisichopimika ama kidogo mno. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ambayo ndiyo ukali wa pilipili manga, ufikaji damuni ukapanda mara 20. Tangu hapo kila mwuzaji hukariri hesabu hiyo, lakini mara 20 ya kitu kidogo mno bado ni kidogo.

Na gilasi yetu ina nini? Kijiko cha chai cha unga wa manjano ni kama gramu 3, na kurkumini ni kama asilimia 3 yake, yaani miligramu 90 hivi. Mwaka 2014 madaktari wa Tailandi walichapisha majaribio waliyowafanyia wagonjwa 367 wenye maumivu ya magoti, wengine wakipewa ibuprofeni na wengine miligramu 1,500 kwa siku za kiini kilichokamuliwa katika manjano, na baada ya wiki 4 nafuu ya makundi hayo mawili ikakaribiana. Ni habari njema, ingawa hapakuwa na kundi la dawa bandia. Lakini atakaye kupata kiasi hicho kwa maziwa itampasa anywe gilasi zisizopungua kumi kila siku. Ama zile taathira za ajabu zinazosimuliwa za maabara, nyingi zilionekana katika chembe zilizomwagiwa kurkumini moja kwa moja, kwa kadiri ambayo damu ya mnywaji haifikii.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kisichofika damuni hakina madhara. Watafiti wa Indonesia walionyesha mwaka 1999 kwamba miligramu 20 tu za kurkumini, chini ya robo ya zile zilizomo kijikoni, zaufanya mfuko wa nyongo wa mtu mzima wa afya unywee kwa karibu asilimia 30 ndani ya saa mbili. Na mafuta ya maziwa nayo huuminya. Kwa mwenye vijiwe vya nyongo, kunywea huko kwaweza kukisukuma kijiwe hadi kikaziba mfereji, akashikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia yapandayo begani. Na yakifuatana na homa au macho ya manjano, ni hospitali mara moja.

Mwenye kutumia warfarini ana hadhari yake, kwa kuwa kurkumini hupunguza kushikamana kwa chembe za kugandisha damu, na piperini huzuia vimeng'enya vivunjavyo dawa nyingi. Kipimo chake cha INR kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Mwaka 2018 idara ya dawa ya Nyuzilandi ilitangaza habari ya mgonjwa ambaye, wiki chache baada ya kuanza bidhaa yenye manjano, kipimo chake kilizidi 10, kiwango cha hatari ya kuvuja damu. Manjano ya mchuzi wa kawaida sikatazi. Lakini ewe utumiaye warfarini, klopidogreli au aspirini ya kila siku, usianze gilasi ya kila usiku, wala vidonge vya manjano, kabla ya kumwambia tabibu wako, na ukiona fizi zinatoka damu au michubuko isiyo na sababu, acha na ukapime.