Ulinunua kwa Bei Gani?

Kenya iliwahi kuilaza kodi moja kwa karibu miaka 30. Kodi ya faida ya mtaji ilianza 1975, ikasimamishwa Juni 1985, kisha ikarudi Januari 1, 2015 kwa asilimia 5. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Katika miaka hiyo ya usingizi watu waliuziana mashamba na ploti, hapa Kakamega pia, na karatasi zikaliwa na mchwa kwa sababu hakuna aliyeziulizia. Sheria ilipoamka ilikuja na swali moja: ulinunua kwa bei gani?

Swali hilo sasa limewafikia vijana wanaonunua na kuuza sarafu za kidijitali kwa simu. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa bei ya kununulia na gharama. Bei ya kuuzia huacha alama kila mahali. Bei ya kununulia ni yako kuithibitisha.

Mbona faida itozwe kabisa? Hoja ya serikali nyingi ni rahisi: mwalimu anakatwa kodi kwenye mshahara, kwa hivyo aliyepata pesa hizo hizo kwa kununua na kuuza asipite bure. Marekani tangu 2014 inahesabu sarafu hizi kama mali, na ukiuza kwa faida unadaiwa. Ujerumani, mtu binafsi aliyekaa na sarafu zaidi ya mwaka mmoja hatozwi, aliyeuza kabla anaweza kutozwa. Binamu yako aliye Berlin anahitaji tarehe kama anavyohitaji bei.

Kenya ilijaribu njia ya mkato. Kuanzia Septemba 1, 2023, ilitoza asilimia 3 ya thamani yote ya sarafu iliyohamishwa, iwe umepata ama umepoteza. Kodi hiyo haikuhitaji kumbukumbu ya mtu. Tuone ilivyouma.

Jamaa wa Lurambi ananunua USDT 100 kwa shilingi 128 kila moja. Wiki mbili baadaye anaongeza 100 kwa shilingi 132. Ametoa shilingi 26,000. Halafu anauza 150 kwa shilingi 131, anapokea 19,650. Ukihesabu kwamba zilizotangulia kununuliwa ndizo zilizotangulia kuuzwa, zile 150 zilimgharimu 19,400. Faida yake ni 250. Ukitumia bei ya wastani, shilingi 130, faida ni 150 tu. Ndiyo maana njia ya kuhesabu huchaguliwa mapema na haibadilishwi katikati. Sasa asilimia 3 ya 19,650 ni shilingi 589.50. Kodi imeimeza faida na bado ina njaa.

Kodi hiyo ilifutwa Julai 1, 2025, na badala yake ukaja ushuru wa asilimia 10 kwenye ada zinazotozwa na wenye majukwaa. Wengi walisikia "imefutwa" wakapumua. Lakini faida ya biashara imekuwa ndani ya Sheria ya Kodi ya Mapato muda wote huo, na anayenunua na kuuza kila wiki atapata taabu kusema hiyo si biashara. Tumerudi kwenye faida, na faida inataka daftari.

Usitegemee M-Pesa peke yake. Taarifa yake itaonyesha kwamba mtu usiyemjua alikutumia 19,650. Haitasema uliuza nini, wala kwamba ulitumia 19,400 kukipata. Mkaguzi akiona hivyo, pesa yote inaweza kuonekana mapato. Kwa kila biashara andika tarehe, kiasi cha sarafu, bei kwa shilingi, ada, namba ya oda na kodi ya muamala wa M-Pesa. Ukibadilisha sarafu moja kwa nyingine, andika pia thamani yake kwa shilingi siku hiyo, maana kesho hutaikumbuka.

Na usiliachie jukwaa likutunzie. LocalBitcoins, iliyotumiwa sana na Wakenya, ilitangaza kufunga Februari 2023. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka nyaraka zikae miaka 5. Soko linaweza kufa kabla ya muda huo, kwa hivyo pakua historia yako kila mwezi, uihifadhi mahali pawili.

Sheria hiyo hiyo inaruhusu nyaraka ziwe katika lugha yoyote rasmi kati ya zetu mbili. Daftari la kurasa 96, kalamu, na "nimenunua 100 kwa 128" kwa Kiswahili ni kumbukumbu halali, mradi hesabu isomeke na kila mstari uwe na muamala wake.