Si Tuende?

Mwaka jana kogo alivimba mguu. Mimi nimekulia tauni, Kipsigis changu ni cha kuokoteza, kwa hivyo nilimwambia kwa Kiswahili: "Kogo, kwa nini hatuendi hospitali?" Akanijibu swali. Ng'ombe hajakamuliwa, mvua inakuja, barabara ya Ndanai ina matope. Akabaki ameketi. Jirani akaingia, akasema neno moja tu, "Ongebe," yaani twende. Kogo akachukua leso yake.

Kosa langu lilikuwa nini? Niliwaza kwa Kiingereza, ambako kuuliza mbona hatufanyi jambo ni njia ya upole ya kupendekeza. Lugha nyingi hazina mlango huo. Mwaka 1985 mwanaisimu Anna Wierzbicka alionyesha kwamba swali kama hilo likitafsiriwa kwa Kipolandi, lugha yake ya kuzaliwa, linasikika kama lawama. Kwa kogo pia: nilikuwa nimemdai sababu.

Lakini kuna historia pia. Chai ya mashamba makubwa ilishika Kericho katika miaka ya 1920, na Sotik, jirani yetu, ilikuwa na walowezi. Kiswahili chao kiliitwa Kisetla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Kazi ya lugha hiyo ilikuwa kutuma watu: leta, ngoja, chuna. Anayeamuru hahitaji kupendekeza. Kipande kilichopotea kwa urahisi ni ile "e" ya mwisho, inayotofautisha "leta" na "ulete", "njoo" na "uje". Herufi moja tu, lakini ndiyo inayomwachia mwenzako nafasi.

Sisi wa bara tumeirudisha "e" hiyo, tena tukaiongezea kitu. Sikiliza vijana stejini: "Si tuende?" "Si tukunywe chai?" Hiyo "si" haikanushi. Inafanya kazi ileile niliyoitaka kwa kogo: naona twende, lakini unaweza kukataa. "Tuende" peke yake inasikika kama mambo yameshaamuliwa. Ila chunga: ukisema "si ungekuja jana", pendekezo limegeuka lawama, kwa sababu jana haipendekezeki tena.

Na "si tuende" ni ya marika. Inategemea jibu la ndiyo, na mzee hasukumwi hivyo. Kwake ungesema, "Waonaje tukienda?" Hapo uamuzi uko mikononi mwake.

Basi jirani alikuwa na adabu kidogo kuniliko? Hapana. "Ongebe" ni ya "sisi": anayeisema naye anaenda. Mimi niliuliza nikiwa nimekaa, simu mkononi. Jirani alisema akiwa amesimama mlangoni, gamubuti miguuni.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kliniki tena. Nilivaa viatu kwanza, ndipo nikasema, "Kogo, waonaje tukienda sasa?"

Akaniuliza kama nimeshamkamua ng'ombe.