Majina ya matukio: Vita, Azimio, Sokoine na mengineyo katika Nyanda za Juu Kusini

Jina la tukio ni jina la mtu linalotokana na jambo lililokuwa likitokea au kuzungumzwa alipozaliwa: vita, njaa, tangazo la serikali, ujio au kifo cha kiongozi. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa majina haya huandikwa kwa Kiswahili au kwa lugha za huko, hasa Kinyakyusa na Kihehe. Makala haya yanaeleza jinsi yanavyotumika katika sentensi, yanachoweza kuthibitisha kuhusu umri wa mwenye jina, na yanavyopoteza uhusiano na tukio lenyewe kadiri vizazi vinavyopita.

Kwanza sarufi, kwa kuwa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Nomino ya kawaida ikigeuzwa kuwa jina la mtu huacha ngeli yake na kufuata upatanisho wa A-WA. Husemwa «Vita amefika», si «Vita vimefika». «Azimio wetu», si «Azimio letu». Wingi hupatikana kwa «akina»: akina Tabu, akina Shida. Tahajia nayo hujitenga na kamusi. Kamusi huandika taabu, lakini jina la mtu kwa kawaida ni Tabu. Kamusi huandika sikudhani, na majina mengi yameandikwa Sikuzani, kama linavyotamkwa na watu ambao lugha yao ya kwanza haina sauti dh. Mhariri hana ruhusa ya kulisahihisha jina hilo. Lilivyo katika cheti ndivyo lilivyo.

Swali gumu zaidi ni la umri. Wazee wengi wa Nyanda za Juu Kusini walizaliwa bila kupata cheti cha kuzaliwa, na makarani wa sensa wamezoea kutumia kalenda ya matukio kukadiria umri wa mtu asiyejua mwaka wake. Mwaka huo una uzito: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na matibabu ya bure kwa wazee wasiojiweza yamefungwa na kipimo hicho. Ndiyo maana hutokea mtu akaegemea jina kama ushahidi: «Anaitwa Azimio, basi alizaliwa 1967.»

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na kabla ya hapo azimio lilikuwa neno la mikutano tu, lisilo na sababu ya kumwangukia mtoto mchanga. Kwa hiyo ni nadra mtu mwenye jina hilo kuwa amezaliwa kabla ya mwaka huo. Lakini neno lilibaki midomoni, redioni na katika nyimbo za shule kwa zaidi ya miaka 10, na kila Februari lilikumbukwa upya. Aliyezaliwa 1967 na aliyezaliwa 1977 wote wangeweza kupewa jina hili. Jina la tukio huweka mpaka wa juu wa umri, halitaji mwaka. Anayetaka mwaka atafute daftari la ubatizo, au aulize nani alizaliwa kabla na nani baada katika nyumba hiyo hiyo.

Kuna majina yasiyoweka hata mpaka huo. Vita ni mfano bora. Msikilizaji wa leo hufikiria upesi Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978 na kufikisha majeshi ya Tanzania Kampala mwezi Aprili 1979. Lakini Nyanda za Juu Kusini zilipiganiwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1916, na vijana wa huko walichukuliwa tena jeshini katika vita vya 1939 hadi 1945. Mtoto wa wakati wowote kati ya hizo angeweza kuitwa hivyo. Tena vita si lazima iwe ya bunduki. Rashidi Kawawa alifahamika nchini kwa sifa ya Simba wa Vita, na mwanawe Vita Kawawa aliwahi kuwa mbunge wa Namtumbo, mkoani Ruvuma. Jina hilo moja linaweza kutoka uwanja wa mapambano, katika siasa, katika ugomvi wa wazazi na wakwe, au kwa babu aliyekuwa nalo.

Shida, Tabu na Mashaka yana utata mkubwa zaidi. Baada ya Vita vya Kagera, Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Ukata ulidumu zaidi ya hapo, na foleni za sabuni na sukari zikawa jambo la kila siku. Inavutia kuwaona akina Shida wote wa umri fulani kuwa watoto wa foleni hizo. Lakini majina haya ni ya zamani, na mara nyingi huhusu uzazi mgumu, ujauzito wenye maradhi, au kifo cha baba kabla mtoto hajazaliwa. Ni tukio, lakini ni la nyumba moja. Mtafiti asiyeuliza familia atageuza msiba wa mtu kuwa historia ya taifa.

Majina ya viongozi hufanya kazi tofauti, kwa sababu hayana maana ya kamusi ya kukimbilia. Edward Sokoine, Mmasai wa Monduli, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1977 hadi 1980 na tena kuanzia 1983. Kipindi cha pili kilijulikana kwa msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Alifariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro tarehe 12 Aprili 1984. Sokoine akiwa jina la kwanza la mtu katika familia ya Kinyakyusa au ya Kihehe halina chimbuko jingine linaloeleweka: linasema kwamba mzazi alikuwa akisikiliza redio. Kwa wenye umri wa kukumbuka, maelezo hayahitajiki. Kwa mwanafunzi wa leo jina hili ni la chuo kikuu cha kilimo kilichopo Morogoro, na mtafsiri asiye makini anaweza kumfanya mwenye jina kuwa Mmasai. Kenedi limekwenda mbali zaidi. Rais Kennedy aliuawa Novemba 1963, miezi minne tu baada ya kukutana na Nyerere Washington. Jina likaenea, likapata tahajia ya Kiswahili, na sasa hupewa watoto kama Daudi au Petro, bila rais yeyote kufikiriwa.

Kupotea huko kwa kumbukumbu kuna njia inayoonekana katika karatasi. Mtanzania kwa kawaida huandikwa kwa majina matatu: lake, la baba, kisha la babu au la ukoo. Tuchukue familia ya kubuni ya Kinyakyusa, ukoo wa Mwanjala. Mwaka 1967 anazaliwa Azimio Lwitiko Mwanjala. Miaka ya 1990 anapata mtoto, Lusajo Azimio Mwanjala. Mjukuu anaandikishwa shule kwa jina la Ipyana Lusajo Mwanjala, na Azimio hayumo tena. Wanyakyusa wengi huhifadhi nafasi ya tatu kwa jina la ukoo, kwa hiyo jina la tukio huishi vizazi viwili katika maandishi na kutoka. Familia inayoandika jina la babu badala ya ukoo hulibakiza kizazi kimoja zaidi. Na ikitokea karani akaligandisha mahali pa tatu, Azimio hugeuka kuwa jina la ukoo, na wajukuu watalibeba bila kuulizwa.

Mwanjala lenyewe linadokeza kwamba hilo limewahi kutokea zamani. Kiambishi mwa- katika majina ya koo za Kinyakyusa huonyesha uzao wa mtu fulani, na injala ni njaa. Kwa umbo lake, jina hili linasomeka kuwa ni la wazao wa mtu aliyeitwa Njala. Njaa ipi, na ya mwaka gani, umbo la neno haliwezi kusema. Hilo ni jina la tukio lililozeeka kikamilifu: neno bado ni zima na linaeleweka kwa kila msemaji wa lugha, tukio limetoweka, na mwenye jina hafikirii njaa anapoitikia.

Uheheni kuna mfano ambao historia yake inajulikana vizuri zaidi. Mkwawa ni ufupisho wa Mkwavinyika, jina la sifa linalofafanuliwa kuwa mtwaaji wa nchi. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake liliangamiza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wake, Zelewski, ambaye Waafrika walimwita Nyundo. Tazama hatima ya majina hayo matatu. Nyundo limerudi kuwa chombo cha seremala. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kulirithi. Lugalo limehamia kwenye kambi ya jeshi jijini Dar es Salaam, ambako wengi huitaja bila kukumbuka Iringa. Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe, aliacha sifa iliyogeuka jina la familia: mjukuu wake Adam Sapi Mkwawa alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Kumbukumbu ya mtu huyo ilitunzwa na mambo yaliyo nje ya lugha. Fuvu lake lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, likarejeshwa Kalenga mwaka 1954, na chuo kikuu kishiriki mjini Iringa kina jina lake. Hata hivyo maana ya utwaaji wa nchi haisikiki tena. Lililobaki ni mtu.

Inafaa kulinganisha haya na majina ya sentensi ya Kinyakyusa, yaliyoenea sana pamoja na Ukristo baada ya wamisionari kufika Rungwe mwaka 1891. Atupele ni «ametupa», Ambwene ni «ameniona», Tupokigwe ni «tumeokolewa». Nyuma ya kila moja huweza kuwapo tukio: mtoto aliyepatikana baada ya wengine kufa, mavuno baada ya ukame. Lakini jina halilitaji. Linataja aliyetenda, naye hueleweka kuwa Mungu, na linataja waliotendewa. Tumeokolewa kutoka wapi? Kila kizazi hujaza chake. Kwa hiyo Tupokigwe wa leo hahitaji kueleza kitu, ilhali Azimio aliyezaliwa mwaka mmoja naye ameeleza jina lake tangu darasa la kwanza, na kadiri wanaomuuliza wanavyokuwa wadogo ndivyo maelezo yanavyorefuka.

Kwa mtafsiri, kanuni inayotokana na hayo ni ya kupima umri wa jina ndani ya matini. Katika hadithi ya mwaka 1968, Azimio ni habari, na msomaji wa lugha nyingine anastahili kudokezwa. Katika hadithi ya leo, Azimio wa makamo anayeuza mbao Mafinga ni mtu tu, na kulifasiri jina lake ni kumrudishia mzigo ambao wanakijiji wenzake walikwisha kuutua. Magufuli, likiwa jina la mtoto aliyezaliwa baada ya Machi 2021, bado lipo katika hatua ya kwanza: kila anayelisikia anajua, na wengi wana neno la kusema.