Betri iliyoimbwa: Imla, redio na sikio la mwanafunzi wa Subukia

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi huku Subukia, darasa letu lilikuwa na redio moja. Ilikaa juu ya meza ya mwalimu, imefunikwa kitambaa, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Bonde letu limebanwa na milima, kwa hivyo kabla ya kipindi cha shule cha Sauti ya Kenya kuanza, mwalimu alitumia dakika kadhaa kuuzungusha mkonga wa redio hadi sauti ya Nairobi iitike. Kipindi kilipokwisha alituambia tuandike yale tuliyosikia. Tuliandika, lakini ukweli ni kwamba tulikisia. Sauti ilikuwa imepita kama gari la kwenda Nyahururu, na ukikosa gari hilo, basi.

Siku nyingine alitupa imla ya kawaida. Alisoma kwa kinywa chake, polepole, akikata sentensi vipande vipande na kuvuta kila silabi: “ba-ra-ba-ra-ni, nukta.” Imla hiyo nilipata alama zote. Miaka mingi baadaye, nikifundisha isimu chuo kikuu, ndipo nilipong’amua kwamba mwalimu wangu alikuwa akipima vitu viwili tofauti kabisa. Imla ya kinywa chake ilipima tahajia. Redio ilipima sikio, nasi sote tulianguka mtihani huo bila hata kujua kwamba tumetahiniwa.

Neno imla limetujia kutoka Kiarabu, na huko lina historia ndefu kuliko shule zetu. Katika karne za kati za Uislamu, wanazuoni walikuwa na vikao vya imla misikitini, ambapo shehe alitamka Hadithi na wanafunzi wakaandika. Umati ulipokuwa mkubwa, palikuwa na mtu aitwaye mustamli, kazi yake kuyarudia maneno ya shehe kwa sauti kuu ili walio nyuma wasikie. As-Sam’ani wa Marw, aliyefariki mwaka wa 1166, aliandika kitabu kizima kuhusu adabu za kutoa na kupokea imla. La muhimu kwetu ni kwamba kazi haikuishia kwenye kuandika. Palikuwa na hatua ya pili, mukabala, ambapo nakala ya mwanafunzi ililinganishwa na nakala ya asili neno kwa neno. Nakala ambayo haikulinganishwa haikuaminiwa. Wazee hao walielewa jambo ambalo sisi walimu wa leo tunalisahau upesi, kwamba kuandika unachosikia ni nusu tu ya zoezi.

Shule za kikoloni zilirithi nusu ya kwanza na kuipa kazi nyingine. Tahajia sanifu ya Kiswahili ilipokuwa ikiwekwa, hasa baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, walimu walihitaji kuhakikisha kwamba watoto wanaandika kwa namna moja. Imla ilifaa kwa hilo. Mwalimu alihesabu makosa, akayatia wino mwekundu, na aliyekosa sana alijua kitakachompata. Hakuna aliyeuliza kosa limetokana na nini.

Redio ingeweza kubadilisha mambo, kwa sababu ilileta darasani msemaji asiyemhurumia mtoto. Tatizo lake ni kwamba haikurudia. Kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliizindua mwaka wa 1963, ilikuwa na dawa ya ugonjwa huo. Unarudisha nyuma, unasikiliza tena. Lakini shule ngapi za Subukia zilikuwa na kinasa sauti wakati huo? Na hata palipokuwa nacho, kupata neno moja katikati ya utepe ilikuwa kazi ya kubahatisha. Unabonyeza, unapitiliza, unarudi, na darasa limeanza kupiga kelele.

Wakati huohuo, wataalamu nao walikuwa wameikataa imla. Robert Lado, katika kitabu chake cha mwaka wa 1961 kuhusu upimaji wa lugha, alidai kwamba imla haipimi mengi, maanake maneno yenyewe na mpangilio wake mwanafunzi huwa amepewa tayari. Hoja hiyo inaonekana safi hadi ujaribu kusikiliza lugha usiyoimudu. John Oller alimjibu mwaka wa 1971, akaonyesha kwamba msikilizaji hapewi maneno. Anapewa mkondo wa sauti usio na nafasi kati ya neno na neno, na ni juu yake kuukata kwa kutumia sarufi na msamiati alio nao. Mimi niko upande wa Oller, na sababu yangu imetoka Subukia.

Nilipoenda nyumbani kwa likizo fulani, mpwa wangu anayefundisha Kiswahili aliniomba niwasaidie wanafunzi wake. Nilimwomba mwenzangu wa Mombasa anirekodie kwenye simu sentensi chache kwa mwendo wake wa kawaida. Kila kipande kilikuwa cha sekunde tano hadi nane, kwa kuwa kikizidi hapo unapima kumbukumbu badala ya sikio. Kimoja kilisema hivi: “Gari lile ghali lililala barabarani usiku kucha, na asubuhi dereva alikuta betri imeibwa.” Maneno 13. Wanafunzi walisikiliza mara ya kwanza kalamu zikiwa mezani. Kisha wakasikiliza mara tatu zaidi huku wakiandika, bila kupunguza kasi. Kijana mmoja, ambaye kwao huzungumza Kikuyu, aliandika: “Ghari lile ghari lirala barabarani usiku kusha na asubuhi ndereva arikuta beteri imeimbwa.”

Darasa lilicheka sana. Ati betri imeimbwa! Mwalimu wangu wa zamani angempa 5 kati ya 13 na kumwita mbele. Lakini hebu tufanye mukabala.

Tuliandika sentensi asilia, kisha ya kijana chini yake, kila neno likiwa chini ya mwenzake. Kisha tulimrudishia sauti pale penye kosa tu, sekunde moja au mbili, na kumwuliza: sasa unasikia nini? Majibu yalikuwa ya aina tatu, na kila aina ina tiba yake. Kwenye “beteri” alisikia sawasawa tangu mwanzo. Hajui tu jinsi tunavyoandika. Hilo ni la tahajia na linakwisha kwa dakika moja. Kwenye “lirala” alishtuka: “Kumbe kuna ‘li’ nyingine!” Silabi ilikuwa imempita. Hapo kosa si la matamshi, ni la sarufi. Li ya kwanza ni ya gari na ya pili ni ya wakati uliopita, na mtu asiyezitarajia zote mbili huzisikia kama moja. Vilevile tofauti ya “kucha” na “kusha” aliinasa aliporudiwa mara ya pili. Sikio lake lilikuwa sawa. Mazoea ya kinywa ndiyo yaliyoongoza mkono.

Aina ya tatu ndiyo ngumu. “Gari” na “ghali” alivirudia mara nne na bado akasema ni neno moja. Hakuwa anacheza. Katika Kikuyu, herufi g husomwa kwa sauti ya kukwaruza iliyo karibu na gh yetu, na hakuna l ya kushindana na r. Kwa hivyo maneno mawili ya Kiswahili yanaingia sikioni kwa mlango mmoja. Ndivyo ilivyo pia kwa “dereva” na “imeibwa”: d na b za Kikuyu huja na nazali mbele yake, ndiyo maana akaandika “ndereva” na “imeimbwa”. Jirani yake, ambaye kwao ni Wakalenjin, hakuwa na shida yoyote ya l na r, ila aliandika “peteri” na “asupuhi”, maana lugha yake haitenganishi p na b kama Kiswahili. Kuwapa wawili hawa zoezi moja la marudio ni kupoteza wakati wa wote.

Lakini kuna mtego, nami nilinaswa. Yule kijana aliandika “lile” na “barabarani” bila kosa, zote zina l au r. Nilidhani nimepata dalili ya maendeleo. Mpwa wangu akaniambia, “Hapana mjomba, hayo maneno anayaona kila siku vitabuni.” Alikuwa kweli. Mkono uliandika kwa mazoea ya jicho, sikio likiwa limelala. Hali kadhalika, mwanafunzi mwerevu ataandika “imeibwa” kwa kuwa anajua betri haziimbwi, hata kama alichosikia ni “imeimbwa”. Sentensi yetu ilikuwa inamsaidia kudanganya.

Basi siku tatu baadaye tulirudi na vipande ambavyo maana haitoi msaada. “Wimbo wake umeibwa.” “Wimbo wake umeimbwa.” Zote mbili zinawezekana, hasa katika nchi hii ambapo wanamuziki hulalamika kila wiki. Tulizichanganya ovyo, mara kumi, na kila mmoja akaandika anachosikia. Ukibahatisha tu, unatarajia tano. Kijana wetu alipata sita, yaani hakuna kitu. Baada ya wiki mbili za kusikiliza jozi za namna hiyo dakika kumi kwa siku, alipata tisa. Kwa l na r alibaki pale pale.

Ipo pia mipaka ambayo si ya mwanafunzi. Mwenzangu wa Mombasa hutamka “paa” wa mwituni kwa mpumuo ambao “paa” la nyumba halina, na “kaa” wa baharini tofauti na “kaa” la moto. Tahajia sanifu haiandiki mpumuo huo. Mtu anaweza kusikia barabara au asisikie kabisa, na karatasi zao zikafanana. Imla hainasi kile ambacho maandishi yenyewe hayakiandiki.

Kiswahili kilianza kutahiniwa shule za msingi kwa lazima chini ya mfumo wa 8-4-4, mwaka wa 1985. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini mtihani ulikuwa wa karatasi tupu, wa kuchagua jibu na kuandika insha, na kisichotahiniwa hakifundishwi. Nenda uangalie mtihani wa Kifaransa wa kidato cha nne: mtahiniwa wa Kenya hufunguliwa rekodi na kuandika imla. Kwa Kiswahili hakuna anayemwuliza alichosikia. Mpwa wangu sasa ana vipande 40 kwenye simu yake, vya wasemaji wa Mombasa, Nakuru na hata mama mmoja wa sokoni hapa Subukia ambaye hamalizi sentensi bila “ata” badala ya “hata”. Yule kijana anaandika “hata” kila mara anapomsikia. Tumeshindwa kuamua kama tumpe alama au tumkate.