Solanini si "sumu ya kijani"

Solanini ni sumu ambayo mmea wa kiazi mviringo huitengeneza wenyewe ili kujikinga na wadudu na magonjwa. Jina limetokana na Solanum, jina la kisayansi la kundi la mimea lenye viazi, bilinganya na mnavu. Mfamasia Mfaransa Desfosses aliitenga mara ya kwanza mwaka 1820, kutoka kwenye matunda ya mnavu wa Ulaya.

Neno hili tumelitohoa tu, na ni afadhali. Tungeiita "sumu ya kijani" tungepotosha watu. Ukijani wa kiazi ni klorofili, ileile ya majani ya mchicha, na haidhuru. Kiazi kikipigwa na mwanga hutengeneza klorofili, na mwanga huohuo huongeza solanini. Kwa hiyo ukijani ni dalili tu. Kiazi kilichochubuka au kuchipua gizani kinaweza kuwa na solanini nyingi bila kuwa kijani hata kidogo.

Sumu hujaa zaidi kwenye machipukizi, kwenye macho na kwenye ganda, ndiyo maana kumenya kunasaidia. Kuchemsha hakusaidii, na hata mafuta ya chipsi hayafiki joto la kuiharibu vya kutosha. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni miligramu 200 kwa kilo ya viazi. Lakini dalili zinaweza kuanza mtu akila miligramu moja kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mtoto wa kilo 20 akila gramu 100 za kiazi kilichofika kiwango hicho, ameshafikia mpaka.

Mwaka 1979 iliripotiwa kwamba wanafunzi 78 wa shule moja ya wavulana jijini London waliugua baada ya kula viazi vilivyobaki ghalani tangu muhula uliotangulia. Walitapika, wakaharisha na kuumwa tumbo. 17 walilazwa, na wote wakapona.

Jikoni, anza kwa kukibonyeza kiazi. Kikiwa kigumu na machipukizi ni mafupi, chimbua kila jicho pamoja na nyama inayolizunguka, kisha menya. Baka dogo la kijani likate kwa kina mpaka ubaki weupe au umanjano wa kawaida. Kikiwa kijani sehemu kubwa, au ukijani umeingia ndani, kitupe. Kilicholegea, kikakunjamana na kuota machipukizi marefu, kitupe pia. Usimpe mbuzi wala ng'ombe. Ukionja kiazi kilichopikwa ukakuta uchungu, au koo likawasha, kiteme na usiendelee kula.

Viazi ulivyonunua vitoe kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, uviweke gizani, penye ubaridi na hewa. Aina ya Shangi, inayolimwa sana Kenya, huchipua mapema, kwa hiyo nunua ya siku chache tu.